YAH: HUNDI NAMBA 000417 ILIYORUDISHWA – SH. 182,400

Kongowea, Mombasa
8 Septemba 2025

Bwana Salim,

Hundi uliyoniandikia tarehe 1 Septemba kwa mifuko 240 ya saruji imerudishwa na benki tarehe 3, sababu ikiwa akaunti haina pesa za kutosha. Hundi haikuwa ya tarehe ya mbele, wala hukuniomba nisubiri. Saruji uliipokea yote na kutia sahihi. Nasikia ghorofa imeshapanda.

Nimekupigia simu mara nne. Kila mara ni "kesho, inshallah".

Sasa nakudai Sh. 185,400, yaani bei ya saruji pamoja na Sh. 3,000 nilizokatwa na benki. Nilipe taslimu au uingize kwenye akaunti yangu kabla ya saa kumi jioni, Jumatatu 15 Septemba. Hundi nyingine sipokei.

Siku hiyo ikipita, nitafungua kesi Mahakama ya Madai Madogo, nikidai pia riba na gharama. Vilevile nitapiga ripoti polisi: kutoa hundi isiyo na pesa ni kosa chini ya kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu.

Nakala ya hundi na risiti ya mzigo nimeziambatisha.

Mama Rehema
Muuza vifaa vya ujenzi