YAH: Maombi ya ufadhili kamili wa masomo ya uzamili, Delft, Uholanzi

Kwa Kamati ya Ufadhili,

Ukutani kwetu Kigogo kuna alama ya matope inayonifika kifuani: maji ya Msimbazi, Desemba 2011. Ndiyo iliyonipeleka kusomea uhandisi. Miaka 4 sasa napima mifereji ya manispaa. Mingi imezibwa na mchanga na taka.

Mwaka wa kwanza nitasoma haidrolojia ya miji na modeli za mafuriko. Wa pili, tasnifu kuhusu bonde la Msimbazi, kwa vipimo nilivyokusanya mwenyewe. Mshahara wangu haufikii ada.

Nitarudi kazini kwangu, nichore ramani za hatari mtaa kwa mtaa, niwafundishe wajumbe kuzisoma kabla ya masika. Mama bado anaishi nyumba ileile.

Wenu mtiifu,
Neema
Kigogo, Dar es Salaam