Ripoti ya maendeleo kwa mfadhili: chemchemi za Kadutu na Bagira, Januari hadi Juni 2025

Bukavu, 14 Julai 2025

Mkataba ulitaka chemchemi 8 ziwe zimejengwa kufikia 30 Juni. Tumejenga 5, na zenye maji ya kunywa ni 4. Ya tano, Ciriri, hatuihesabu ingawa bomba lake linatoa maji vizuri.

Kazi iliyofanyika

Kila chemchemi ilichimbwa hadi kwenye jicho la maji, ikajazwa kokoto zilizooshwa na kufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi. Mbele kuna ukuta wa mawe wenye mabomba mawili. Upande wa juu, mfereji wa kugeuza maji ya mvua. Vipimo vya Mei havikuonyesha E. coli katika mililita 100 kwenye chemchemi hizo 4. Bidoni la lita 20 hujaa kwa sekunde 40 hadi 75. Tulipima hayo Juni, wakati wa kiangazi, kwa hiyo msiyalinganishe na vipimo vya Januari vilivyo kwenye pendekezo la mradi.

Kamati tatu kati ya nne zinakusanya faranga 500 kwa kila nyumba kwa mwezi. Ya nne ilikwama Machi: mweka hazina hakusoma hesabu mbele ya watu, nao wakaacha kulipa.

Yaliyokwama

Ciriri ilipimwa ikakutwa na E. coli 38 katika mililita 100. Choo cha jirani kiko mita 17 juu ya chanzo, wakati umbali unaotakiwa ni angalau mita 30. Ukaguzi wetu wa awali uliishia mita 15. Tumeandika ukutani "si ya kunywa", lakini asubuhi watoto bado huteka hapo, kwa sababu ndipo karibu.

Nyamugo, mteremko uliporomoka Aprili na familia mbili zinagombea kiwanja. Hatutajenga huko, tunaomba lengo lishuke hadi 7. Chemchemi mbili za Cimpunda hazijaanza.

Fedha

Tulipokea dola 28 800, tumetumia 22 792, zimebaki 6 008. Tangu benki za mjini zifungwe Februari, malipo yote hupitia simu. Makato yamefika dola 612 na hayakuwa kwenye bajeti. Tunaomba yatolewe kwenye usafiri, ambako zimebaki dola 890. Mfuko wa simenti, uliopangwa kwa dola 13, tumeununua kwa wastani wa 17.

Hatua zinazofuata

Cimpunda inaanza 21 Julai. Kuta ziwe zimekauka kabla mvua za Septemba hazijarudi. Choo cha Ciriri kitahamishwa Agosti kwa dola 380, mwenyewe amekubali kwa maandishi. Baada ya hapo maji yatapimwa mara mbili, wiki mbili zikipita kati, mvua ikiwa imeshaanza. Matokeo safi ya kiangazi pekee hayatatosha kufuta maandishi ukutani.

Mratibu wa mradi