Mpira Miguuni, Akili Kichwani, Adabu Moyoni
Kaulimbiu ya akademi yetu ya soka, kwa wachezaji, makocha na wazazi

Kaulimbiu yenyewe ni fupi ili hata mtoto wa mpira namba 3 aishike siku ya kwanza:

Mpira miguuni!
Akili kichwani!
Adabu moyoni!

Mkiwa wengi, isemwe kwa kuitikiana. Anayeita anauliza neno moja, umati unajibu neno moja, kisha makofi mawili.

ANAYEITA: Mpira?
WOTE: Miguuni! (pa-pa!)
ANAYEITA: Akili?
WOTE: Kichwani! (pa-pa!)
ANAYEITA: Adabu?
WOTE: Moyoni! (pa-pa!)

Anayeita si lazima awe kocha. Leo aite nahodha, kesho mama wa golikipa, keshokutwa yule mdogo asiyependa kuongea. Sauti ikiwa ndogo, msimkatize na msimwitie. Subirini amalize, halafu mjibu kwa nguvu zote.

Kabla ya mechi

Wachezaji wamemaliza kupasha misuli, wamejipanga kwenye mstari wa duara la kati. Makocha wako mbele ya benchi, wazazi nje ya mstari wa pembeni. Kila kundi lina ubeti wake, na mwisho wa kila ubeti tunaungana.

WACHEZAJI:
Nikipewa, natuliza,
Kichwa juu, naangaza,
Pasi safi natembeza,
Nikipoteza, nakaza!
WOTE: Mpira miguuni!

MAKOCHA:
Nafundisha, situkani,
Simwachi mtu pembeni,
Mdogo, hata mgeni,
Wote wangu uwanjani!
WOTE: Akili kichwani!

WAZAZI:
Wote nawashangilia,
Filimbi naisikia,
Kocha kazi namwachia,
Tukifungwa, natulia!
WOTE: Adabu moyoni!

Ubeti wa wazazi ndio tuliouandika kwa uangalifu kuliko yote. Mtoto ana mpira mguuni, beki anamjia, na kutoka pembeni anasikia "Piga!", "Toa!", "Rudi nyuma!" kwa wakati mmoja. Anasimama. Mpira unachukuliwa, na anayelaumiwa ni yeye. Ndiyo maana mzazi anatamka kwa mdomo wake, mbele ya mwanawe, kwamba kazi ya kocha anamwachia kocha. Kelele za furaha tunazitaka, tena nyingi. Maelekezo yatoke benchi peke yake. Na neno "wote" katika mstari wa kwanza tumelichagua makusudi: shangilia winga wa jirani yako kama unavyomshangilia wako, na kipa wa timu pinzani akiokoa mkwaju mzuri, mpigie makofi.

Makocha nao wasipite haraka kwenye "simwachi mtu pembeni". Watoto wa akiba wanausikiliza mstari huo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo msiutamke kama hamkupanga kuwaingiza.

Tukifungwa goli

Hapa hakuna beti, muda hautoshi. Golikipa anautoa mpira wavuni, anampa mwenzake, na wakati unapelekwa katikati nahodha anaita. Wazazi na benchi wanajibu pamoja na wachezaji, kwa sababu dakika hiyo ndiyo watoto huinamisha vichwa.

NAHODHA: Mpira uko wapi?
WOTE: Katikati!
NAHODHA: Tunafanya nini?
WOTE: Tunaanza!
NAHODHA: Na nani?
WOTE: Na kipa wetu!

Jibu la mwisho lisisahaulike hata kidogo. Kosa la mshambuliaji husahaulika kabla ya mapumziko, la kipa huandikwa kwenye ubao wa matokeo. Asikie jina la nafasi yake likitajwa na uwanja mzima, na asikie kwamba bado ni wetu.

Tukifunga sisi, tunaimba kaulimbiu mara moja tu, tukitazamana sisi kwa sisi. Haielekezwi kwa wapinzani.

Filimbi ya mwisho

Wachezaji wanarudi kwenye mstari wa katikati kabla ya kwenda kwa wazazi, kabla ya maji, kabla ya picha.

KOCHA: Tukishinda?
WOTE: Mkono!
KOCHA: Tukitoka sare?
WOTE: Mkono!
KOCHA: Tukifungwa?
WOTE: Mkono!
KOCHA: Kwa nani?
WACHEZAJI: Wapinzani!
MAKOCHA: Benchi lao!
WAZAZI: Na refa!

Hapo hapo foleni inaanza kutembea, nahodha mbele na golikipa nyuma yake, tukiitikia kwa sauti ya chini hadi mkono wa mwisho utolewe:

Mpira? Miguuni!
Akili? Kichwani!
Adabu? Moyoni!