Ruhusa Maalumu ya Usalama Na. 07/2025: Kompyuta ya Mizani, Ghala la Masasi

Kutoka: Afisa Usalama wa Mifumo, Ofisi ya Mtwara
Kwa: Meneja wa Maghala, kupitia kwa Mkurugenzi Mtendaji
Nakala: Msimamizi wa Ghala, Masasi
Tarehe: 17 Septemba 2025

Kinachoombwa

Kanuni yetu inakataza kuunganisha kwenye mtandao wa kampuni kompyuta ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho. Kompyuta ya mizani ya Masasi inatumia Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Msimamizi wa Ghala anaomba iendelee kutumika msimu huu wa korosho. Ruhusa ianze 22 Septemba 2025 na ifike ukomo 30 Januari 2026.

Sababu yake ninaikubali. Programu ya mizani haifanyi kazi kwenye Windows mpya, na kubadili programu kunalazimu kubadili pia kisoma uzito. Kikibadilishwa, mizani lazima ihakikiwe upya na Wakala wa Vipimo kabla ya kupima gunia hata moja. Kuanza kazi hiyo sasa, magari ya AMCOS yakiwa karibu kupanga foleni getini, ni kujitafutia balaa. Ila niseme wazi: hoja hii ililetwa mwaka jana pia, kwa maneno haya haya.

Nilichokikuta

Tarehe 4 Septemba nilikwenda mwenyewe. Nywila ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha plasta chini ya skrini. Flashi ya karani ilikuwa imechomekwa, ndani yake nyimbo na mafaili ya uzito ya wiki nzima yakiwa pamoja. Kompyuta hiyo ilikuwa na intaneti, na mlango 445 ulikuwa wazi kwa mtandao mzima wa ofisi. Kirusi cha WannaCry kilienea Mei 2017 kwa kupitia mlango huo huo, na kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7.

Kihatarishi

Kikitokea, kwanza mizani inasimama. Ninachokiogopa zaidi ni uzito kubadilishwa kimyakimya, kwa sababu stakabadhi ya ghala inaandikwa kutokana na namba hiyo na mkulima analipwa kwa stakabadhi. Kuna pia majina, simu na akaunti za wakulima, ambazo tunawajibika kuzilinda kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Bila kinga mbadala nakipa kiwango cha JUU. Zikiwapo zote, WASTANI. Ikikosekana moja, kinarudi JUU.

Kinga mbadala

Kompyuta itenganishwe na mtandao wa ofisi na isiwe na intaneti kabisa. Itaruhusiwa kufika kwenye seva ya uzito peke yake, na zuio liwekwe kwenye swichi na kwenye kompyuta yenyewe:

```
netsh advfirewall set allprofiles firewallpolicy blockinboundalways,blockoutbound
netsh advfirewall firewall add rule name="Mizani" dir=out action=allow protocol=TCP remoteip=10.20.5.10 remoteport=1433
```

Matundu ya USB yafungwe, isipokuwa la kibodi na la kipanya. Karani atapewa chaja ya simu, maana najua ndiko alikokuwa akichajia. Taarifa za wakulima ziondolewe. Kwenye mizani ibaki namba ya mzigo na uzito tu. Kila jioni msimamizi alinganishe mizigo 10 ya kwenye seva na daftari la mkono, kisha asaini. Daftari hilo ndilo kinga ninayoitegemea kuliko zote, kwa kuwa kirusi hakifiki kwenye karatasi.

Mapitio na ukomo

Tutapitia 6 Oktoba, 3 Novemba, 1 Desemba na 5 Januari. Kila mara nataka kuona daftari na kumbukumbu za swichi; ripoti ya simu haitoshi. Kinga ikikutwa imeondolewa, ruhusa inafutwa siku hiyo hiyo bila kusubiri kikao. Tarehe 30 Januari, saa 11 jioni, swichi itafunga laini yenyewe. Nyongeza ni moja tu, isiyozidi siku 30, na haitajadiliwa bila hati ya ununuzi wa kisoma uzito kipya iliyokwisha kusainiwa. Ombi la nyongeza lifike kwangu kabla ya 9 Januari.

Kukubali kihatarishi

TEHAMA inashauri. Anayesaini ni mwenye shughuli, maana hasara ni yake.

*Nimesoma na kuelewa kwamba kompyuta hii haiwezi kulindwa kikamilifu. Ninakubali kihatarishi kilichobaki hadi 30 Januari 2026, na ninawajibika kwa utekelezaji wa kinga zote zilizotajwa.*
Imesainiwa: Meneja wa Maghala, 18 Septemba 2025

*Imeidhinishwa. Fedha za kisoma uzito kipya ziingizwe kwenye maombi ya Oktoba, zisisubiri Januari. Ile plasta ibanduliwe leo na nywila ibadilishwe.*
Imesainiwa: Mkurugenzi Mtendaji, 19 Septemba 2025