Kadi ya waranti ya friza: tafsiri na maelezo

Shangazi shikamoo,

Picha zote mbili za kadi zimefika. Ya mbele inasomeka. Ya nyuma mwanga wa tochi umemeza mstari wa mwisho, nitakuomba uipige tena mchana karibu na dirisha. Nimeitafsiri yote inayosomeka, iko hapa chini, lakini kabla hujafika huko nisikilize jambo moja: yule fundi wa stendi asilifungue hilo friza. Hata kile kifuniko kidogo cha nyuma palipo na kompresa asikiguse. Utaona sababu kwenye kipengele cha 5.

Jibu la swali lako, kama friza hilo lililoacha kugandisha bado lina waranti, kwa kifupi ni: ndiyo, waranti ipo, lakini si kwa friza lote. Ile "miaka 5" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye stika ya mlango ni ya kompresa tu. Vitu vingine vyote vilikuwa na mwaka mmoja, na mwaka huo umepita.

Kadi inasema hivi:

KADI YA WARANTI
Aina ya bidhaa: friza la kulala, lita 200.
Namba ya bidhaa: (imeandikwa kwa mkono)
Jina la mnunuzi: (jina lako)
Tarehe ya kununua: (hapakujazwa)
Mhuri wa muuzaji: (upo)

1. Kampuni inamhakikishia mnunuzi wa kwanza kwamba bidhaa hii haina kasoro ya kiwandani. Waranti ni miezi 12 kwa vipuri vyote na miaka 5 kwa kompresa, kuanzia tarehe ya kununua.
2. Ndani ya miezi 12 ya kwanza, kampuni itatengeneza au kubadilisha kipuri chenye kasoro bila malipo ya kipuri wala ya ufundi. Baada ya hapo, kwa kompresa, kampuni itatoa kompresa pekee. Gesi, ufundi na usafiri ni juu ya mteja.
3. Waranti haihusu balbu, mpira wa mlango, vikapu, vishikio, rangi, kutu, wala sehemu za plastiki na kioo.
4. Waranti ni kwa matumizi ya nyumbani. Bidhaa ikitumika hotelini, baa, dukani au mahali pengine pa biashara, waranti yake ni siku 90.
5. Waranti itafutika endapo: (a) bidhaa imefunguliwa au kutengenezwa na mtu asiyeidhinishwa na kampuni, (b) namba ya bidhaa imefutwa, imebanduliwa au imebadilishwa, (c) hitilafu imetokana na umeme mdogo au mkubwa kupita kiasi, radi, maji, moto, wadudu au panya, (d) bidhaa imeangushwa au imesafirishwa vibaya, (e) maandishi ya kadi hii yamebadilishwa.
6. Kadi isiyo na mhuri wa muuzaji haitambuliki. Pasipo na tarehe, mteja aonyeshe risiti halali. Bila risiti, muda utahesabiwa kuanzia tarehe ya kutengenezwa kiwandani.
7. Kudai: mteja awasiliane na muuzaji au karakana iliyoidhinishwa, akiwa na kadi hii, risiti na namba ya bidhaa. Mteja aliye zaidi ya kilomita 20 kutoka karakana atalipia usafiri wa fundi au ataileta bidhaa mwenyewe.
8. Kampuni haitawajibika kwa chakula kilichoharibika wala hasara ya biashara.
9. Waranti hii haiondoi haki ambazo mnunuzi… (hapa ndipo mwanga ulipomeza)

Hapo mwisho wa tafsiri. Sasa tuangalie yanayokuhusu.

Uliniambia ulilinunua Ramadhani ya 2024 ilipoanza, yaani katikati ya Machi mwaka ule. Kwa hiyo waranti ya vipuri vyote iliisha Machi 2025, na ya kompresa inakwenda hadi Machi 2029. Swali linalobaki ni kama kilichokufa ni kompresa kweli, maana ikiwa ni kitu kingine, kadi hii haitakusaidia.

Ulisema taa inawaka, halafu linanguruma kidogo, linalia "tik", linanyamaza, baada ya dakika kadhaa linaanza tena. Huo mlio ni wa kinga ya kompresa inayokata umeme kompresa ikishindwa kuanza. Inaweza kuwa kompresa imechoka. Inaweza pia kuwa rilei, kile kidude kidogo cha kuiwasha, ambacho bei yake ni ndogo lakini hakimo tena kwenye waranti. Au umeme tu ni mdogo hapo ilipochomekwa. Lingekuwa linanguruma mfululizo mchana kutwa bila kuleta baridi ningesema gesi imevuja, na gesi nayo ilikuwa kwenye ule mwaka mmoja.

Cha kufanya mwenyewe bila kufungua chochote: lichomoe, subiri dakika kumi, kisha lichomeke na stabilaiza yake moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ile ekstensheni inayogawana na pasi na televisheni. Lisogeze pia mbali kidogo na ukuta lipumue. Likikataa hata hapo, tunakwenda kudai.

Kuna mambo matatu ambayo wangeweza kuyatumia kukukatalia.

La kwanza ni tarehe. Muuzaji amegonga mhuri lakini hakujaza tarehe, na wewe usiijaze sasa. Kalamu mpya kwenye kadi ya zamani inaonekana, na kipengele 5(e) kinawapa sababu ya kuitupa kadi nzima. Tafuta risiti ya EFD. Zile karatasi hufifia zikikaa mahali penye joto, kwa hiyo ukiipata ipige picha hapohapo na uitoe fotokopi. Kama kile kisanduku cha nukta bado kinaonekana vizuri, mwanao akiskani kwa simu utafunguka ukurasa wa TRA wenye risiti hiyo pamoja na tarehe yake. Ukiikosa kabisa usikate tamaa: muda utahesabiwa tangu kiwandani, na kwa kompresa ya miaka 5 tofauti ya miezi michache haikudhuru leo.

La pili ni umeme. Kipengele 5(c) ndicho mafundi wa makampuni hukikimbilia, na kwa kweli ni vigumu kukibishia kwa sababu alama za umeme mbaya na za kompresa mbovu hufanana. Wewe ulinunua stabilaiza siku ileile. Sema hivyo, na ipige picha ikiwa imechomekwa. Kama ipo kwenye risiti moja na friza, ni ushahidi mzuri zaidi ya maneno.

La tatu ni barafu, na hili ndilo gumu. Friza liko sebuleni kwako, lina samaki na nyama ya nyumbani, na pia unagandisha barafu na ubuyu wa kuuza. Je, hapo ni "mahali pa biashara"? Kadi imetaja hoteli, baa na duka. Haikutaja mama anayeuza barafu mlangoni kwake. Mimi naisoma kwamba nyumba yako ni nyumba, na utata wa kadi iliyoandikwa na kampuni yenyewe haupaswi kumwangukia mteja. Hata mahakama huwa na desturi ya kusoma maneno yenye utata dhidi ya aliyeyaandika. Wao wanaweza kuisoma kinyume. Ushauri wangu: usidanganye, lakini usianze hadithi na barafu. Wakiuliza liko wapi, waambie liko sebuleni. Wakiuliza kama unauza, sema kweli kwamba unauza kidogo hapo nyumbani, huna duka. Ukisema uongo kisha fundi akute pakiti mia za barafu ndani, hata lile lililokuwa haki yako hutalitetea.

Kuhusu gharama, jiandae. Wakikubali, kompresa ni bure, lakini gesi, ufundi na usafiri utalipa, na kutoka Pangani hadi Tanga mjini ni zaidi ya kilomita 20. Waombe bei ya hivyo vitatu kwa maandishi kabla hawajagusa kitu. Nimeshaona watu wakiambiwa "waranti ipo", kisha bili ya "gesi na ufundi" inakaribia nusu ya bei ya friza jipya. Bei ikiwa hivyo, tuzungumze kwanza.

Tuma ujumbe huu kwa duka la Tanga, uutume kwa maandishi ili ubaki kwenye simu:

"Habari za kazi. Nilinunua kwenu friza la kulala la lita 200 mwezi wa Machi 2024. Sasa linajaribu kuwaka, linalia na kujizima, wala haligandishi. Limechomekwa kupitia stabilaiza na halijafunguliwa na fundi yeyote. Kwa mujibu wa kipengele cha 1 na cha 2 cha kadi ya waranti, kompresa ina waranti ya miaka 5. Naomba fundi aliyeidhinishwa alipime, na kabla ya kazi mnitumie bei ya gesi, ufundi na usafiri kwa maandishi. Picha za kadi, risiti na namba ya bidhaa nimeziambatanisha. Naomba jibu ndani ya siku saba."

Namba ya bidhaa isome kwenye stika iliyo nyuma ya friza, penye herufi S/N, usiinakili kutoka kwenye kadi. Aliyeandika kadi ana mwandiko wa haraka: tarakimu ya mwisho sijui ni 3 au 8, na namba mbili zisipolingana watapata pa kusumbulia. Kwenye stika hiyo angalia pia aina ya gesi. Ikiwa R600a, basi ni gesi inayoshika moto, na hiyo ni sababu nyingine ya kumweka mbali fundi wa stendi na mtungi wake wa R134a.

Wakikutaka ulipeleke mwenyewe, lisafiri limesimama kama linavyokaa nyumbani, lisilazwe ubavu, mlango ufungwe kwa kamba, na upige picha pande zote kabla ya kupakia ili mkwaruzo wa njiani usije ukaitwa wa kwako. Likirudi, liache masaa kadhaa kabla ya kuchomeka.

Wakinyamaza au wakikataa bila sababu ya maandishi, kuna Tume ya Ushindani, FCC, inayopokea malalamiko ya walaji chini ya sheria ya mwaka 2003. Lakini tusianze na vitisho. Maduka mengi hujibu wakiona mteja amenukuu kipengele.

Leo nitumie picha tatu: nyuma ya kadi, stika ya S/N, na risiti. Samaki wahamishie kwa jirani usiku huu, maana kipengele cha 8 kimeshasema wao hawamo.