Utaratibu Sanifu wa Kazi: Kutunza Chanjo Zahanatini na Kwenye Huduma ya Mkoba

Mahali: Zahanati ya kijiji, mwambao wa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Kigoma
Unaanza kutumika: Jumatatu, 2 Machi 2026
Nakala: moja mlangoni mwa jokofu, moja kwenye faili la Mganga Mfawidhi

Kwa nini upo

Chanjo zetu zote hukaa kati ya nyuzi +2 na +8 za Selsiasi. Joto likizidi, kiashiria kilicho kwenye kichupa hubadilika rangi na tunakiona. Baridi ikizidi hakibadiliki. Pentavalenti, chanjo ya nimonia, ya pepopunda na ya HPV zikiganda huharibika, na mtoto anaweza kuchomwa sindano isiyomkinga huku mama akirudi nyumbani ameridhika. Kwa hiyo hapa kuganda kunachukuliwa kwa uzito uleule wa joto.

Wahusika

Muuguzi wa Chanjo hushika ufunguo wa jokofu, husoma joto na kuandika. Asipokuwepo, Muuguzi wa Zamu hupokea ufunguo na daftari kwa maandishi. Mganga Mfawidhi huhakiki, na ndiye pekee anayeamua chanjo itupwe au ibaki. Mhudumu wa Afya husafisha paneli za sola na kuandaa vibebeo. Mlinzi hafungui jokofu. Akisikia king'ora humwita Muuguzi wa Zamu palepale, hata usiku wa manane.

A. Kila siku

1. Muuguzi wa Chanjo asome kipimajoto asubuhi kabla ya kufungua jokofu, na tena jioni kabla ya kufunga zahanati. Jumapili na sikukuu ni vilevile.
2. Aandike namba aliyoiona, saa na sahihi yake. Kuandika "kawaida" hakukubaliki.
3. Atazame kirekodi joto cha siku 30. Kama hakionyeshi `OK`, aende sehemu B.
4. Apange vichupa: vinavyoharibika kwa kuganda vikae kwenye vikapu vya juu, visigusane na ukuta wala sakafu ya jokofu. Vinavyokaribia kuisha muda vitangulie mbele.
5. Chakula, maji ya kunywa na dawa nyingine haviingii humu. Soda ya mgeni pia.

*Uhakiki:* kila Ijumaa Mganga Mfawidhi asome kipimajoto mwenyewe, alinganishe na daftari, ahesabu vichupa vya chanjo mbili atakazochagua, kisha atie sahihi kwa wino mwekundu.

B. Joto likitoka nje ya mpaka

6. Kirekodi hulia joto likikaa juu ya +8 kwa saa 10 mfululizo, au chini ya −0.5 kwa dakika 60. Usisubiri kilie, ukiona namba mbaya, mpigie Mganga Mfawidhi.
7. Weka vichupa kando, ndani ya baridi inayofaa, na lebo "USITUMIE".
8. Kichupa cha chanjo inayoharibika kwa kuganda, ukikikuta kimekuwa barafu, hakipimwi, ni cha kutupwa.
9. Kama kuganda kunashukiwa tu, fanya jaribio la kutikisa. Chukua kichupa cha chanjo hiyohiyo, mtengenezaji huyohuyo, toleo hilohilo. Kiandike "KIMEGANDISHWA", kigandishe usiku kucha, kiache kiyeyuke chenyewe. Kishike pamoja na kinachoshukiwa, tikisa sekunde 10 hadi 15, viweke mezani penye mwanga na utazame hadi dakika 30. Kinachoshukiwa kikituama sawa na kile au haraka zaidi, kimeharibika. Kikituama taratibu kuliko kile, kinafaa. Jaribio hili halifai kwa sindano ya polio, kwa kuwa haina chembe za kutuama.

*Uhakiki:* watu wawili watazame, kila mmoja aandike jibu lake kabla ya kuzungumza. Wakitofautiana, chanjo haitumiki mpaka Mratibu wa Chanjo wa Wilaya aulizwe.

C. Huduma ya mkoba

10. Mhudumu atoe pakiti za barafu na kuziacha nje mpaka maji yasikike yakicheza ndani ukizitikisa. Hapa ndipo haraka ya kuwahi boti huharibu chanjo. Boti ikiwa inaondoka, iondoke.
11. Muuguzi aangalie kiashiria cha kila kichupa: mraba wa ndani uwe mweupe kuliko duara la nje. Ukifanana nalo au ukiwa mweusi zaidi, kichupa hakitoki.
12. Kibebeo kikae kivulini, mbali na injini.
13. BCG na Surua-Rubela zikishachanganywa zitumike ndani ya saa 6. Saa ya kuchanganya iandikwe kwenye kichupa. Kinachobaki hutupwa, hata kama dozi ni nyingi.

*Uhakiki:* wakirudi, Muuguzi wa Zamu ahesabu vilivyotoka, vilivyotumika na vilivyorudi, kisha aandike. Hesabu isipolingana, Mganga Mfawidhi aarifiwe siku hiyohiyo.

Utapitiwa upya Machi 2027, au mapema jokofu likibadilishwa.