Wamisionari na Serikali ya Kikoloni: Washirika Waliogombana

Kusema wamisionari walikuwa tu mkono wa ukoloni ni kurahisisha mno, ila ushahidi wa ushirika wao ni mzito. Mwaka 1891, kampuni ya Kiingereza iliyoshika Uganda ilipoishiwa fedha na kutaka kuondoka, marafiki wa misheni ya Kianglikana (CMS) huko Uingereza walichanga pesa ili ibaki. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa himaya ya Waingereza. Hapo injili na bendera zilisafiri pamoja.

Lakini tazama Kenya, 1919. Gavana Northey alitoa waraka ukiwataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mwanakijiji alijua chifu "akihimiza" maana yake ni nini. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dakta Arthur wa misheni ya Kiskoti, walipinga, ila nusunusu: walikubali kazi ya lazima, mradi iwe na sheria na mipaka. Kwangu huo ndio udhaifu wao mkubwa. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, alikataa katakata shuruti yenyewe, na mwaka 1920 akachapisha kijitabu kuishambulia. Kelele hizo zilifika London, na mwaka 1921 serikali ikazuia maofisa kuwatafutia walowezi vibarua.

Waafrika nao hawakungoja kutetewa. Baada ya mgogoro wa 1929, misheni zilipopinga tohara ya wasichana, Wakikuyu wengi walizihama shule za misheni wakajenga za kwao.